Fantasi ni ujuzi, sawa. Lakini ni ujuzi wa nani?

Jumamosi saa saba unusu mchana, ukipita stejini kwetu Kishushe, hutapata boda anayekuangalia usoni. Abiria anaweza kusimama na gunia la vitunguu kando yake, hakuna anayenyanyuka. Wasee wote wameinama kwenye simu, wanabadilisha kepteni. Saa nane kamili dirisha linafungwa, dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza Uingereza kuanza, na baada ya hapo kikosi chako ndicho hicho hadi wiki iishe. Miezi ya joto kule Ulaya, saa zao zinaposogea, dirisha hufungwa saa saba. Kuna jamaa kwetu hawajui tarehe ya kulipa chama lakini hilo la saa wanalijua.

Mchezo wenyewe, Fantasy Premier League, haulipishwi. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15, na pointi zinatokana na wanachofanya uwanjani. Wenye mchezo hawakuulizi hata shilingi. Pesa tumeileta sisi wenyewe. Admini anafungua kundi la WhatsApp, anatangaza kiingilio cha soo, kila mtu anatuma kwa M-Pesa, na mwenye pointi nyingi wiki hiyo anaenda na mzigo. Si ajabu kiingilio kikawa soo: kutuma shilingi 100 hakukatwi ada, ukizidisha hapo unaanza kukatwa.

Na kila ukimwambia mtu kwamba hii ni kamari, jibu ni moja. "Bro, hii si kubeti. Hii ni ujuzi."

Mimi nilikuwa nikilitoa jibu hilo kuliko mtu yeyote. Nilimpa mama yangu, nikampa mjomba, nikampa na mhasibu wa chuo kimoja aliyeniuliza salio la karo liko wapi. Leo nataka kulijibu hilo jibu langu. Sisemi kwamba ni uongo. Ni kweli fantasi ina ujuzi. Ila nadhani hatujajiuliza ujuzi huo unamlipa nani, na unachukua muda gani kuonekana.

Tuanze na hesabu ya kundi la kawaida. Watu 20, kila mmoja soo. Mfuko ni 2,000. Admini anakata asilimia kumi kwa kazi ya kukusanya na kugawa, zinabaki 1,800. Wa kwanza anapata nusu, yaani 900. Wa pili 540. Wa tatu 360. Watu 17 waliobaki wanapata emoji ya kucheka.

Sasa tuseme wote 20 mna akili sawa kabisa. Kila mtu atashika moja ya nafasi tatu mara moja moja, na kwa wastani kila soo unayotuma itakurudia kama shilingi 90. Msimu una wiki 38. Utakuwa umetoa 3,800 na kurudishiwa 3,420. Hiyo 380 iliyopotea hakuna mchezaji aliyekushinda, ni mkato wa admini. Kwa hivyo usiniambie unawazidi wenzako kidogo. Kidogo haitoshi. Lazima uwazidi kwa zaidi ya asilimia kumi na moja ndipo uanze kuona faida ya kwanza.

Na bado utajiona bingwa. Kwenye kundi kama hilo, mtu asiye na ujuzi wowote wa ziada ataingia tatu bora karibu mara sita kwa msimu, kwa bahati tupu. Hizo mara sita ndizo utakazozipiga picha na kuziweka kwenye status. Zile mara 32 hutazikumbuka hata ukilipwa.

Najua kwa sababu mimi nilikuwa na daftari. Nikiwa chuoni Voi nilikuwa kwenye makundi manne ya soo. Wiki 20, makundi manne, hiyo ni 8,000. Nilishinda mara tatu, nikawa wa pili mara nne, na wa tatu mara tatu. Jumla niliyopokea ni 5,940. Nilidhani niko sawa kwa sababu simu ilikuwa inalia mara kwa mara. Siku niliyokaa chini kujumlisha ndipo nilipoona kwamba kama tungeandika majina yetu kwenye vikaratasi na kuyaokota kutoka kwenye kofia, ningetarajia kupata karibu 7,200. Yaani na uchambuzi wangu wote, podikasti zote, kuamka usiku kuangalia nani ameumia, nilikuwa chini ya kofia.

Sasa, mtu wa ujuzi ataniambia: wewe ni mbovu tu, usilaumu mchezo. Poa. Lakini pia inawezekana nilikuwa mzuri na bahati ikanikataa, kwa sababu wiki moja ya mpira ni kitu kidogo sana. Hebu angalia. Umempa mshambuliaji ukepteni, pointi zake zinazidishwa mara mbili. Anapata penalti. Akifunga, bao la mshambuliaji ni pointi nne, kwako zinakuwa nane. Akikosa, anakatwa mbili, kwako zinakuwa nne. Mkwaju mmoja umekutenganisha na wewe mwenyewe kwa pointi 12, bado hata bonasi hatujahesabu. Kwenye makundi yetu, wa kwanza na wa nne mara nyingi wanaachana kwa pointi tatu. Wewe ulikuwa na ujuzi gani juu ya kipa wa Uingereza kuruka kulia?

Ndiyo maana nasema swali la "ujuzi au bahati" haliwezi kujibiwa bila kuuliza "kwa muda gani?" Tuseme wewe ni mkali kunishinda, kwa wastani unanizidi pointi tatu kila wiki. Hiyo si tofauti ndogo. Na tuseme bahati ya wiki, hizo penalti, kadi, na mvua ya mabao ya beki usiyemjua, inaitikisa tofauti yetu kwa pointi kama 15 juu au chini. Wiki moja, tatu zako zinamezwa na 15. Utanishinda mara 58 hivi kati ya 100. Mimi mbovu nitakushinda mara 42. Hiyo karibu ni shilingi iliyorushwa hewani.

Lakini tukicheza wiki zote 38, tatu zako zinajikusanya bila kupungua: zinakuwa 114. Bahati nayo inakua, ila haikui mara 38, kwa sababu wiki yangu nzuri inafutwa na wiki yangu mbaya. Inakua kama mara sita tu, inafika pointi 92 hivi. Sasa utanishinda karibu mara 89 kati ya 100. Ni wewe yuleyule na mimi yuleyule, na sheria za mchezo ni zilezile. Kilichobadilika ni urefu.

Kwa hivyo ligi ya msimu mzima ni mchezo wa ujuzi wenye bahati ndani yake. Shindano la wiki moja ni bahati yenye ujuzi kidogo ndani yake. Shindano la siku moja, lile la mechi za Jumamosi tu ambalo baadhi ya admini wetu wameanza kulileta, ni zaidi ya hivyo. Sisi tunachukua sifa ya lile la msimu na kuitumia kuuza lile la siku.

Na hatukubuni sisi ujanja huo. Amerika waliupita njia hiyo kabla yetu. Mwaka 2006 bunge lao lilipitisha sheria ya kuzuia malipo ya kamari mtandaoni, lakini ikaacha fantasi nje, mradi ushindi utegemee maarifa na ujuzi wa wachezaji, na matokeo yatokane na takwimu za mechi nyingi. Wakati huo fantasi waliyoijua ni ya msimu mzima, marafiki wa ofisini wanachangishana. Halafu mwaka 2009 ikaja FanDuel, na 2012 DraftKings, wakakata msimu ukawa siku moja. Lipa leo, chagua kikosi leo, lipwa usiku. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya msimu, siku ikapitia hapohapo.

Mwaka 2015 ndipo mambo yalipochemka. Mwanasheria Mkuu wa New York akaziamuru kampuni hizo mbili ziache kupokea pesa za wakazi wa jimbo lake, akisema hiyo ni kamari haramu. Wao wakajibu lile jibu letu la stejini: ni ujuzi. Agosti 2016 jimbo likatunga sheria ya kuiruhusu, watu wakapinga kortini, na kesi ikaenda hadi mahakama ya juu kabisa ya New York. Machi 2022 majaji wakaamua kwamba si kamari, majaji wanne dhidi ya watatu. Yaani hata majaji, walioisoma kwa miaka, waligawanyika karibu katikati.

Lakini kilichonifungua macho mimi si hukumu. Ni hesabu iliyochapishwa mwaka huohuo wa 2015 na wachambuzi wawili, walioangalia nusu ya kwanza ya msimu wa besiboli. Waligundua kwamba asilimia 91 ya faida yote ya wachezaji ilienda kwa asilimia 1.3 ya wachezaji. Soma tena polepole. Ukiweka watu 1,000 kwenye foleni, watu 13 wamebeba karibu faida yote.

Hao 13 walikuwa akina nani? Si watu wanaopenda besiboli kukuzidi. Walikuwa wanaifanya kazi ya mchana na usiku, wana programu za kompyuta za kukadiria pointi, na wanaingiza mamia ya vikosi kwenye shindano moja huku wewe umeingiza kimoja.

Hapa ndipo hoja ya ujuzi inapogeuka na kutuuma. Takwimu hiyo inathibitisha ujuzi upo, kwa sababu bahati haiwezi kuwachagua watu walewale kila mara. Kampuni zilikuwa na haki. Ila angalia maana yake kwa yule wa kawaida. Kwenye bahati tupu, mimi na wewe tuna nafasi sawa, tunapoteza mkato tu. Kwenye ujuzi, asiye na ujuzi anapoteza mkato, halafu analipa na mshahara wa mwenye ujuzi. Ukisikia mtu anakuhakikishia kwamba mchezo wa pesa ni wa ujuzi, jambo la kwanza la kujiuliza ni kama wewe ndiye mjuzi mezani. Kama humjui mjuzi ni nani, shika mfuko wako.

Hilo nalo nilijifunza kwa hela. Baada ya yale makundi manne niliingia la tano, la mjini, kiingilio 500. Nilidhani ni kundi kama letu lenye hela zaidi. Nilikaa wiki kumi, nikatoa 5,000, sikushika hata nafasi ya tatu. Kumbe mle kuna jamaa watatu ambao kila wiki wana jedwali la kila timu inacheza na nani, nani atapumzishwa kwa sababu ya mechi ya katikati ya wiki, nani anapiga penalti endapo mpigaji yuko benchi. Wawili kati yao nina hakika walikuwa na vikosi zaidi ya kimoja, kwa majina ya ndugu zao. Unawajua kwa dalili hii: vikosi vitatu vinavyofanana wachezaji 12 kati ya 15, ila kila kimoja kina kepteni tofauti. Huyo ni mtu mmoja anarusha ndoano tatu.

Kuna na ujanja wa kwetu ambao Amerika hawana, na huu hauhitaji ujuzi wowote. Ni wa kulipa kwa kuchelewa. Msee anajiandikisha Ijumaa, "nitatuma baadaye mkubwa, niko shambani." Vikosi vinafungwa, mechi zinachezwa. Jumapili usiku akijikuta juu, soo inaingia chap na ujumbe "samahani nilikuwa sina netiweki." Akijikuta chini, kimya. Huyo anacheza bure: akishinda anakula, akishindwa hadaiwi. Kundi la 20 likiwa na watatu wa aina hiyo, mfuko si 2,000 tena, ni 1,700, na nyinyi mliolipa ndio mnaowafadhili. Dawa yake ni rahisi. Ujumbe wa M-Pesa una saa. Admini aweke orodha ya waliolipa dakika moja kabla ya dirisha kufungwa, na asiyekuwemo hayumo, hata akipata pointi 120. Admini akikataa kuweka orodha hiyo, muulize kwa nini.

Sheria yetu inasema nini? Hapa vijana wengi watashangaa. Wakati New York wanagombana juu ya ujuzi au bahati, Kenya ilishalimaliza swali hilo tangu 1966. Ile Sheria ya Kamari na Bahati Nasibu, Sura ya 131, ilieleza mchezo wa bahati kuwa ni pamoja na mchezo unaochanganya bahati na ujuzi. Yaani kusema "ina ujuzi" hakukutoi kwenye kamari, ukichanganya umo. Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria mpya ya Kudhibiti Kamari ichukue nafasi ya ile ya zamani. Na mwezi huohuo India, ambako Dream11 ilikuwa imejenga biashara kubwa kwa hukumu za korti zilizosema fantasi ni ujuzi, bunge lilipiga marufuku michezo yote ya mtandaoni ya kuweka pesa, iwe ya ujuzi au ya bahati. Dream11 ikafunga mashindano yake ya kulipia. Walichoka na swali, wakaangalia mifuko ya watu.

Mimi sitaki polisi waje stejini kuwakamata maboda kwa soo. Wala siwaambii watu waache fantasi. Mimi bado nina kikosi, na wiki iliyopita nilimwacha mfungaji benchi kama mjinga yeyote. Ninachosema ni kwamba kama kweli tunaamini ni ujuzi, basi tucheze kwa namna ambayo ujuzi una nafasi ya kuonekana. Lipeni mara moja Agosti, mfuko ugawanywe Mei baada ya wiki 38. Mtu mmoja, kikosi kimoja. Admini asikate asilimia. Kama mnaona kazi yake ni kubwa, mchangieni kiasi maalum mwisho wa msimu, mkimtazama machoni. Na zawadi zishuke hadi nafasi ya sita au ya saba, ili anayecheza vizuri asipotee kwa mkwaju mmoja.

Nilipeleka pendekezo hilo kwenye kundi letu la Kishushe. Jibu la kwanza lilikuwa, "Wiki 38 nani atangoja?" La pili, "Sasa raha itakuwa wapi?" Nikajua hapo kwamba wengi wetu hatukuja kwa ujuzi. Tulikuja kwa Jumatatu. Tunataka simu ilie Jumatatu asubuhi, na ujuzi ni jina tunalompa mama akiuliza.

Kuhusu mama. Salio langu la karo lilikuwa 11,500. Alikuwa amenitumia sehemu yake kutokana na kreti za nyanya, ule msimu ambao ndovu kutoka Tsavo walikuwa wameshapita shambani mara mbili na bei sokoni Voi ilikuwa imelala. Kwenye makundi yote matano nilitoa 13,000 na kurudishiwa 5,940. Pengo ni 7,060. Sikuacha chuo kwa sababu ya fantasi pekee, nisiwadanganye. Kulikuwa na mambo mengine na mengine ni uvivu wangu. Lakini siku ya kuitwa ofisini, hiyo 7,060 ingenipa sababu ya kukaa kwenye kiti na kuomba muda. Sikuwa nayo, kwa hivyo sikuenda.

Mwaka huu nimemwonyesha mama lile daftari. Hajui mpira, hajui ukepteni. Aliangalia safu ya kutoa, akaangalia safu ya kupokea, akauliza swali moja: "Na huyu anayekata kumi kila wiki, yeye amewahi kupoteza?"

Chukua daftari, andika safu hizo mbili kuanzia Jumamosi hii, halafu Desemba ujijibu mwenyewe.